Fundi kamimina supaglu kwenye tundu la chaji, mbele ya macho yangu!

Mama Tetere: Wakuu, natoka kwa yule fundi wa pale kona, mnamjua, mwenye maneno mengi. Tundu la chaji la laptopu yangu linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ukiinua waya inachaji, ukipumua inakata. Mwenzenu hata bisibisi hakushika! Kachukua supaglu, kamimina tundu zima, kapuliza, "imepona hiyo, 15,000." SUPAGLU! Sasa chaja haiingii kabisa. Na alipuliza, jamani!

Chongo la Pwani: Na ukalipa? 😂

Mama Tetere: Laptopu iko mkononi mwake, ningefanyaje? SUPAGLU!

Dogo Janja: Hapo shida ni chaja feki tu. Nunua orijino.

Babu Lehemu: Dogo, wakati mwingine ni kweli, plagi huisha. Ndiyo maana kwanza unamulika tochi na kutikisa plagi taratibu. Ikicheza ndani ya tundu lililotulia, jaribu chaja nyingine. Tundu lenyewe likienda na plagi, limeachia ndani: ama plastiki inayolishika imevunjika, ama lehemu imepata ufa. Mtu analala na laptopu, waya unavutwa upande, nguvu yote inaishia kwenye vile vimiguu vya tundu. Vikilegea, umeme unaruka cheche na pale panaungua.

Mama Tetere: Nilimwambia kuna harufu ya kuungua, akasema "itaisha." Ndipo akachukua supaglu!

Chongo la Pwani: Si kweli imeisha? Hata chaji imeisha 😂

Kidawa wa Tanga: Babu, lakini inatengenezeka au anunue nyingine?

Babu Lehemu: Inategemea. Laptopu nyingi za pini ya duara, tundu liko kwenye kipande cha waya kinachochomekwa kwenye bodi. Unazima, unachomoa betri, unafungua skrubu, unaweka kipya, lehemu haihusiki. Lile lenye supaglu unatupa. Likiwa limelehemiwa kwenye bodi moja kwa moja, ndiyo kazi. Mguu wa negativu umeungwa na shaba pana, inanyonya joto, na fundi mwenye papara akivuta mapema anang'oa na njia ya shaba. Za taipu sii ni ngumu zaidi, vimiguu vidogo mno, zinataka mashine ya hewa ya moto na mkono mtulivu. Laptopu yako modeli gani?

Dogo Janja: Bado nasema chaja.

Mzigua Halisi: Afadhali wewe supaglu. Fundi cherehani wangu kaninyofolea kitambaa cha suti, kaweka viraka kwapani, harusi Jumamosi!

Kidawa wa Tanga: Huyo si yule wa karibu na msikiti? Gauni langu anasema "kesho" tangu Ramadhani!

Chongo la Pwani: Mzigua, weka picha ya kwapa.

Mama Tetere: Jamani, supaglu yangu?

Mzigua Halisi: Picha nakuja nayo, subirini.