Betri ya moyo imesetiwa 60, saa inaonesha 43: niamini kipimo kipi?

binti_wa_mzee
Wakuu habari. Baba yangu ana miaka 74, mwaka jana aliwekewa betri ya moyo (pesmeka) ya nyaya mbili, kadi yake imeandikwa DDDR 60/130. Tukaambiwa 60 ndiyo sakafu, mapigo hayashuki hapo. Sasa mdogo wangu kamnunulia saa ya kupima mapigo na tangu wiki iliyopita inalia usiku, mara 43 mara 44. Nikamvalisha oksimita ya kidoleni, 43. Mashine ya presha nayo 44. Mzee mwenyewe anasema yupo fiti ila anachoka kidogo akipanda ngazi. Kati ya hivi vipimo nishike kipi? Au ninunue saa ya bei kubwa?

kokoto_la_pwani
Saa feki hiyo dada. Pesmeka ikisetiwa 60 ni 60, haiwezi kushuka chini ya hapo hata kidogo. Saa inatumia taa ya kijani kuangalia damu kwenye ngozi, mkanda ukilegea au mkono ukiwa wa baridi inadanganya. Mkazie mkanda mzee.

binti_wa_mzee
Sawa kaka, lakini saa, oksimita na mashine ya presha vyote vitatu vikubaliane kudanganya namba ileile?

mama_chanja
Mama yangu naye anayo, yake inashuka mpaka 50 saa nne usiku, asubuhi inarudi 60. Tulihangaika wiki nzima kumbe fundi wa kliniki ndiye aliiseti hivyo ili moyo upumzike akilala. Muulizeni daktari kama ya mzee ina mpango wa usiku.

mzee_wa_zamu
Mama chanja hilo lipo, na kuna mpangilio mwingine unaoiruhusu mashine isubiri kidogo chini ya sakafu kama moyo wenyewe unapiga, ili isiingilie bila sababu. Lakini hapo utaona 50 au 55, namba iliyochaguliwa na mtu. 43 hakuna wa kuichagua kirahisi kwa mzee wa kadi ya 60.

Binti, mashahidi wako ni watatu ila wote wamesimama dirisha moja. Saa inaangalia damu ikipita kwenye ngozi, oksimita hivyohivyo, na mashine ya presha inasikiliza damu ikigonga kwenye mkono, hakuna hata kimoja kinachoona umeme wa moyo. Na sakafu ya betri ni ya umeme. Betri inafanya kazi moja tu, inahesabu muda tangu pigo la mwisho, na kwenye 60 muda huo ni sekunde 1, ikiisha bila pigo inatoa lake. Haijui kama lile pigo lilifikisha damu mkononi au la.

Kuna kitu kinaitwa pigo la kuwahi, chemba ya chini inajipiga yenyewe kabla ya zamu. Chukulia linakuja sekunde 0.4 baada ya pigo la kawaida, moyo haujapata muda wa kujaa, kwa hiyo unakamua karibu patupu na mkononi hakifiki kitu. Betri imeliona, ikaliandika kuwa ni pigo, ikaanza kuhesabu sekunde 1 upya. Mzunguko mzima unakuwa sekunde 1.4 na mkononi limefika pigo moja tu. Gawa 60 kwa 1.4 unapata kama 43. Moyo umepiga 86, saa imeona 43, na betri haijakosea hata mara moja.

kokoto_la_pwani
Duh. Basi saa nayo haijadanganya.

mzee_wa_zamu
Haijadanganya, imejibu swali lingine. Ulichosema cha mkanda kulegea ni kweli lakini hicho huleta namba za kurukaruka, leo 43 kesho 110, haikai palepale usiku mzima mtu kalala.

juma_mazoezi
Mimi naomba kuuliza hapohapo, hiyo 130 si ina maana mzee moyo wake hauwezi kuzidi 130? Saa yangu inanikataza kuvuka 220 toa umri, yeye apige ngapi?

mzee_wa_zamu
Hapana mkuu. 130 ni mwisho wa betri kufuata chemba ya juu, au kuongeza mwendo ikihisi mtu anatembea. Moyo wenyewe ukiamua kwenda 150, betri inakaa kimya tu, haina breki. Ile hesabu ya umri iacheni kwa mwenye betri, hasa kama mapigo yake mengi yanatoka kwenye mashine. Tuendelee na ya binti.

Binti, fanya hivi. Mmoja ashike kifundo cha mkono, mwingine aweke stetoskopu kifuani (kama hamna, muombe nesi wa zahanati), mhesabu pamoja dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne. Kifuani ukisikia mapigo mawili ya karibu-karibu, la pili hafifu, halafu kimya, na hesabu inafika 80 na kitu, ni hayo ya kuwahi. Lakini kifuani na mkononi kote kukiwa 43, hiyo ni kesi nyingine kabisa, pengine betri inatoa umeme na moyo hauitikii, waya umesogea au vinginevyo. Hapo hakuna kusubiri kliniki, unaondoka usiku huohuo. Na akipata kizunguzungu kikali au akidondoka, hesabu zote wekeni pembeni, hospitali.

mama_chanja
Na zile kamba za kifuani za wanamichezo? Hizo si zinasoma umeme?

mzee_wa_zamu
Zinasoma umeme ndiyo, ila kishindo cha betri huweza kuzichanganya zikahesabu mara mbili. Saa zenye kitufe cha ECG ni afadhali kidogo kwa sababu unaona mchoro wenyewe, ingawa kwa mwenye pesmeka mara nyingi zinagoma kutoa jibu, chukua mchoro umpe daktari usisome maandishi. Kwa hiyo usitupe hela kwenye saa ya bei kubwa. Na zile saa za kupima mafuta ya mwili zinapitisha umeme kidogo, watengenezaji wenyewe wanakataza kwa wenye betri, hicho kipimo mzee asikiguse.

binti_wa_mzee
Nimerudi wakuu. Tulihesabu jana usiku na nesi jirani yetu, mkononi 43, kifuani 85, na ile tap-tap kimya niliisikia mwenyewe. Leo tumepelekwa ECG, daktari kasema kila pigo la betri linafuatwa na la kuwahi moja. Betri imesomwa, nyaya nzima. Wamechukua damu kuangalia madini maana baba anatumia vidonge vya kukojoza na hivyo hushusha potasiamu, na kipimo cha picha ya moyo ni wiki ijayo. Daktari mmoja anataka kupandisha sakafu iwe 70 ili kuyabana hayo mapigo, mwingine anasema kwanza dawa ya kutuliza moyo, 70 inaweza isisaidie kitu.

mzee_wa_zamu
Wote wawili nimeona wakipatia na nimeona wakikosa. Subirini majibu ya potasiamu kwanza, ikiwa chini huenda ikarekebishwa na mapigo yakapungua bila kugusa betri.

kokoto_la_pwani
Na saa ifanyweje, ivuliwe?

binti_wa_mzee
Nimezima tu mlio wa usiku. Mwenyewe kakataa kuivua, anasema inaonesha saa vizuri gizani.