Naomba ushauri: S ya Cu₃Au inatofautiana kati ya jozi mbili za vilele

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa anayefahamu mpangilio wa atomi kwenye aloi.

Nina unga wa Cu₃Au uliopashwa joto chini ya 390°C, nikaupima kwa eksirei ya Cu Kα. Vilele vya mpangilio vinaonekana vizuri: 100 kwenye 23.7° na 110 kwenye 33.8°. Nagawanya kila kimoja kwa kilele cha msingi cha tabaka zilezile za atomi ili mwelekeo wa chembe usiniharibie hesabu:

```
S² = (I100/I200)pimo / (I100/I200)hesabu, kwa S = 1
```

Jozi ya 100/200 ilinipa S = 0.78, na 110/220 ikanipa 0.91. Nilitumia eneo la kilele, si urefu, kwa kuwa vilele vya mpangilio ni vinene.

Kosa moja nimelibaini. Kwa mwanya wa 1° na nusukipenyo cha milimita 240, mwali kwenye 100 unatanda kama milimita 20, na sampuli yangu ni 15 tu, hivyo sehemu ya mwali ilipita pembeni. Kwa mwanya wa 0.5°, 100/200 imepanda hadi 0.87. Ile 110/220 haijatikisika.

Pengo lililobaki ndilo linanitatiza. Kwenye hesabu nimeweka B = 0 kwa atomi zote, na najua mtikisiko wa joto hupunguza 220 kuliko 200.

Je, B moja ya wastani inatosha, au Cu na Au zipewe kila moja yake? Na mikia ya 100 niikate umbali gani kutoka kileleni?