Nimjibuje stetasi yake ya Kit Mikayi bila kuonekana namfuatilia?

Msumari_Mamboleo
Wadau, habari za mchana. Niko Kisumu, miaka 29, nauza vifaa vya ujenzi. Januari tulikuwa kamati moja ya harusi ya rafiki yetu Kakamega, na mweka hazina alikuwa dada mmoja hivi. Tuliongea mara mbili tatu tu, mambo ya mahema na sufuria. Harusi ikaisha, grupu la WhatsApp likanyamaza, lakini stetasi zake bado naziona. Nikisema ukweli, mara nyingi mimi ndiye huzifungua wa kwanza.

Jana saa mbili usiku ameweka tatu. Ya kwanza amesimama juu ya mawe ya Kit Mikayi kule Seme, miguuni sapatu. Ya pili sahani ya samaki, ugali na osuga. Ya tatu barabara tu na muziki. Nimeandika hivi, sijatuma:

"Habari yako. Naona jana mlikuwa Seme na yule rafiki yako mliyekuwa naye Dunga mwezi uliopita. Umependeza sana. Bado unaendesha ile baiskeli ya bluu?"

Baiskeli niliiona Insta, picha ya 2021. Inafaa?

Bodaa_Kondele
Omera usitume!! Mimi mwenyewe nimesoma nikageuka nyuma kuangalia kama umesimama hapo.

Kaka_Naks
Mnajisumbua bure. Tuma emoji ya moto, tatu, bila neno. Akikupenda atajibu. Huku Nakuru nimepata wawili hivyo.

Msumari_Mamboleo
@Kaka_Naks na sasa uko na yupi?

Kaka_Naks
Kwa sasa hakuna.

NyarSeme
Msumari, tuusome huo ujumbe wako kama atakavyousoma yeye. Yule rafiki: jana alionekana kwenye hizo stetasi? Hukusema. Kama hakuonekana, basi umepiga hesabu. Dunga ni ya mwezi uliopita, picha ilishafutika baada ya masaa 24, wewe bado unayo kichwani. Baiskeli hakukuonyesha kabisa, umeifukua mtandao mwingine, miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo katika mistari yako yote, alichokuonyesha yeye jana ni Seme peke yake, na hapo hukusema kitu.

Kufungua stetasi hakumtishi mtu, ameiweka ionekane. Kinachotisha ni kuunganisha: mahali, siku, watu anaotembea nao. Kwa hiyo jibu picha moja, na useme tu kile ambacho mtu aliyeiona mara moja akipita angekiona.

Na hapo umeachiwa zawadi. Kupanda Kit Mikayi na sapatu! Mimi nimezaliwa karibu na hapo, yale mawe yanateleza hata kwa raba. Mwambie: "Kit Mikayi na sapatu? Sasa kushuka ulibebwa na nani?" Basi. Usisalimie kwanza, usiongeze "umependeza". Ni utani, unajibika kwa mstari mmoja, na hilo "nani" linauliza kitu bila kuuliza. Asipotaka kuliokota, ataongea juu ya mawe tu, na hakuna aliyeaibika.

Mulembe_Tu
Mimi ningesema: "Umeenda kumsalimia mke mkubwa?" Kit Mikayi si ni jiwe la mke wa kwanza kwa Kijaluo. Hapo unaingilia.

NyarSeme
Mtu hamjaongea tangu Januari, unafungua na mambo ya wake? Aaa.

Mulembe_Tu
Mjaluo atacheka.

Bodaa_Kondele
Na kama ni Mmaragoli wa Kakamega? Aanze kumfafanulia mikayi ni nini? Utani ukifafanuliwa umekufa.

Msumari_Mamboleo
Ni Mmaragoli kweli. Lakini amekaa Kisumu miaka mingi, sijui.

mama_vitenge
Mimi nauza vitenge Kibuye na wateja wangu wengi wako stetasi, kwa hiyo ile orodha ya walioona naiangalia kila siku. Kijana, anajua. Jina likiwa la kwanza kila siku, dakika moja baada ya kuweka, linaonekana. Si vibaya, mimi hujisemea tu, huyu hana kazi? Wiki hii acha zingine zipite, ufungue baada ya masaa matatu manne kama watu.

Lingine. Stetasi ya WhatsApp huioni mpaka muwe mmehifadhiana namba, wewe yake na yeye yako. Kwa hiyo amekuhifadhi.

Msumari_Mamboleo
Mama, umenipa nguvu!

mama_vitenge
Polepole. Alikuwa mweka hazina. Amehifadhi kila mtu aliyetakiwa kutoa mchango.

Kaka_Naks
Zima tiki za bluu. Ukizizima jina lako halitokei kwenye orodha, unaona kila kitu bila yeye kujua.

NyarSeme
Ni kweli halitokei, na wewe pia hutaona nani ameona zako. Sasa fikiria: unamjibu juu ya picha, anaenda kwenye orodha, jina lako halimo. Hapo ndipo atajua ulikuwa unachungulia. Mtu anayetaka kuanza mazungumzo anajificha kwa nini?

Jirani_wa_Milimani
Samahani kuingilia. Yangu ni kwamba eksi wangu amenibloki lakini dada yake hajanibloki, na stetasi za dada naziona. Naweza kumjibu dada nikiuliza hali ya eksi?

Bodaa_Kondele
Hapana.

NyarSeme
Hapana, ndugu yangu. Huo ni uzi mwingine, na jibu ni hapana hata huko.

Msumari_Mamboleo
Sasa saa tisa. Stetasi inazima saa mbili usiku. Nitume sasa au ningoje nyingine?

mama_vitenge
Ngoja. Uliiona jana baada ya dakika moja, leo mchana ndiyo unajibu? Atajua umekaa unaandika na kufuta usiku kucha.

NyarSeme
Mimi naona tuma leo. Ikishazima hawezi tena kuibofya aone unachekea nini, na sapatu hazitarudi. Watu wana kazi mchana. Ila ukishatuma, tulia. Akijibu "haha" bila kitu kingine, weka moyo ukalie. Labda wiki mbili baadaye akiweka kitu cha kuchekesha kweli ujaribu mara ya pili. Hiyo nayo ikirudi "haha", umeshajibiwa.

Msumari_Mamboleo
Nimetuma ile ya sapatu. Saa 9:20.

Bodaa_Kondele
Weka simu chini, uza misumari.

Msumari_Mamboleo
AMEJIBU. Saa 10:05. Nanukuu: "😂😂 Nilishuka kwa makalio, suruali imeisha. Na wewe ile mia tano ya mchango wa harusi ulisema unaleta lini?"

mama_vitenge
Si nilisema!

Kaka_Naks
Hiyo ni kudaiwa, si mapenzi.

NyarSeme
Subiri. Amecheka, amekupa kisa cha suruali ambacho hukuuliza, kisha naye akakutania. Angetaka tu pesa angeandika namba ya kulipia. Lakini deni ni deni. Tuma kwanza.

Msumari_Mamboleo
Nimetuma M-Pesa 700. Nikaandika: "Mia tano ya harusi, mia mbili ya kushona suruali."

Mulembe_Tu
Huyu amejifunza haraka.

mama_vitenge
Mia mbili ungeiacha. Sasa ni kama unamlipa akuongeleshe.

NyarSeme
Mimi imenichekesha. Sijui, tusubiri.

Msumari_Mamboleo
Amerudisha 200. Ameandika: "Kitabu cha kamati hakina suruali." Hakuna emoji. Hiyo inamaanisha nini?