Simu ya megapikseli 50 inapigwa bao na ya 12 usiku, shida nini?

MamaKeki_Ngamiani: Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kabla sijapoteza hela tena. Nafanya keki hapa Ngamiani, nyingi namaliza usiku maana mteja anakuja asubuhi, kwa hiyo picha napigia sebuleni kwa taa ya dari. Mwezi uliopita nimenunua simu ya laki tatu na nusu, mgongoni imeandikwa 50MP kubwaaa, ila maua ya krimu yanatoka kama yamepigwa plasta, ile michirizi haipo. Mdogo wangu ana Pixel 3a ya mtumba, ya 2019 hiyo, 12MP, kapiga keki ileile meza ileile na kila mchirizi unauona. Nimeuziwa feki au niongeze hela nichukue ya 108?

Chumvini: Futa mafaili dada, memori ikijaa kamera inakuwa nzito. Yangu niliifomati ikarudi mpya.

MamaKeki_Ngamiani: Memori haijafika hata nusu kaka.

BabaSwaumu: Megapikseli ni utapeli wa kuuzia simu tu. Kila kitu ni softwea, namba hazina maana yoyote.

Mzee_wa_Lenzi: @BabaSwaumu umepatia nusu. Dada, fungua hiyo picha kwenye galari uivute juu, utuandikie inavyosema.

MamaKeki_Ngamiani: 4080 x 3072, ISO 2200, 1/25 s. Sijui ndo nini.

Mzee_wa_Lenzi: Hapo ushajijibu. 4080 mara 3072 ni kama milioni 12 na nusu, yaani simu yako inachukua vidoti vinne inavifanya kimoja, na ndivyo ilivyotengenezwa, siyo feki. Kama sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni JN1 ya Samsung, ambayo imejaa kwenye simu za bei hiyo, kidoti kimoja ni mikroni 0.64, kwa hiyo sensa nzima ni kama milimita 5.2 kwa 3.9. Ya mdogo wako vidoti ni 12 tu ila kila kimoja mikroni 1.4, sensa inakuja 5.6 kwa 4.2. Piga hesabu ya eneo, yako 20 yake karibu 24. Ile 50 imekata mkate mdogo vipande vingi, mkate haujaongezeka.

Ila tofauti hiyo peke yake haiwezi kuifanya krimu iwe plasta. Mwanga ulikuwa mdogo, simu ikapandisha ISO, yaani nguvu ya kukuza mwanga, mpaka 2200, chenga zikajaa, softwea ikazisugua, na michirizi ya krimu kwa softwea inafanana na chenga, ikasuguliwa nayo. Pixel kwenye nait modi inapiga picha nyingi haraka haraka inazipanga juu ya nyingine. Ukipanga tisa vizuri chenga zinashuka hadi theluthi, hakuna haja ya kusugua sana.

Keki haitembei, hiyo ndo bahati yako. Kwenye kamera ingia modi ya Pro, weka ISO 200 na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/2 s. ISO umeishusha mara 11, basi muda unaupandisha mara 11, kutoka 1/25 unafika karibu nusu sekunde. Simu iegemeze kwenye bati la sukari, weka taima ya sekunde 3 usiitikise kwa kidole.

Tangamano: Au weka GCam, ile app ya kamera ya Google, mambo yaishe.

Mzee_wa_Lenzi: Inategemea. Pakua Camera2 API Probe uangalie kwanza, ikiandika LEGACY usijisumbue. Ikiwa LIMITED, nyingine zinakubali, nyingine zinazima katikati.

BabaSwaumu: Sasa mzee, 108 nayo bure si ndiyo?

Mzee_wa_Lenzi: Hapana bana. Sensa ya HM6 ya 108 vidoti ni 0.64 vilevile, lakini sensa ni kama 7.7 kwa 5.8, eneo linapita 44, mara mbili ya hiyo ya dada. Faida ipo ila imetoka kwenye ukubwa, siyo kwenye 108. Na mtengenezaji akiweka softwea ya kusugua bado utapata plasta. Hata hiyo 50 ukiiwasha yote saa sita mchana ukapiga bango la mbali, ukikrop utasoma herufi zaidi. Usiku isahau.

MamaKeki_Ngamiani: Jamani nimejaribu saa hii. Michirizi imerudi!! Ila keki imekuwa ya njano kama ya ndizi.

Mzee_wa_Lenzi: Hiyo ni taa yako. Palepale Pro pana WB, shusha namba mpaka sahani nyeupe iwe nyeupe.

Kijana_Raskazone: Mie napiga mechi Mkwakwani jioni jioni, nimeweka nusu sekunde kama mlivyosema, wachezaji wote wamekuwa moshi.

Mzee_wa_Lenzi: Mdogo wangu hiyo ni ya keki! Mchezaji akikimbia unataka 1/500 kwenda mbele, na hapo ISO itapanda tu, sensa ndogo hiyo. Kaa karibu na mstari, usizumu.

Kijana_Raskazone: Mstarini wananifukuza mzee.

Tangamano: Piga video ya 60 halafu ukate picha humo.

Mzee_wa_Lenzi: Video nayo inasugua, tena inatoka ndogo. Jaribu utuletee tuone, mimi sijawahi kuipenda.