Mrejesho: Laini iliyodai PUK imefunguka

"Wakuu, nimekosea PIN ya laini mara tatu, sasa simu inadai PUK. Nifanyeje?"

Nimerudi. Imefunguka leo asubuhi, nikiwa mwaloni Kirumba nasubiri dagaa. Kumbe kuihamishia kwenye kitochi cha mke wangu ilikuwa kujisumbua tu: hesabu ya makosa inakaa ndani ya laini yenyewe, si kwenye simu, hata ukizima haifutiki.

Kile kiplastiki laini ilikobanduliwa nilikikuta kwenye kopo la misumari (msiniulize). PUK ina tarakimu 8, na moja ililiwa na kutu: 3 au 8? Ukikosea PUK mara 10 laini imekufa, unabaki kuomba nyingine. Nikaweka 3, ikakataa, zikabaki nafasi 9. Nikaweka 8, ikakubali. Niliandika hivi:

```
**05*PUK*PINmpya*PINmpya#
```

Aliyepoteza kiplastiki aende mwenyewe duka la mtandao wake na kitambulisho cha NIDA.

PIN ya zamani ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa, gulio zima wanaujua. Laini inakubali tarakimu 4 hadi 8. Nimeweka 6, si tarehe, si namba ya mtumbwi, wala si ile ya kutolea pesa.