Tupeane uzoefu: maltipleksa na dikoda badala ya mageti, mtihani ulikufanyaje?

Fundi_Njiro: Mdogo wangu ana mtihani wa vitendo hapa Arusha, jana kaniletea swali: F(A,B,C) = Σm(1,2,6,7), tumia maltipleksa moja ya nne kwa moja. Nikakumbuka siku yetu.

Karatasini ni laini. A na B zinachagua, C inabaki. Unasoma jedwali la ukweli mistari miwili miwili: AB ikiwa 00, F inafuata C, 01, inafuata kinyume cha C, 10, sifuri, 11, moja. Umemaliza, geti pekee ni inveta ya C.

Sasa siku yetu tukapewa chipu ya 74LS153. Swali linahesabu A kuwa biti kubwa, lakini kwenye chipu hiyo A, pini 14, ndiyo biti ndogo, na B, pini 2, ndiyo kubwa. Mwenzangu akaunganisha A kwa A, B kwa B. Mistari sita ikakubali, miwili ikagoma: 010 taa imezima, 100 imewaka. Tukabadilisha chipu, hali ileile. Tukabadilisha nyaya, ileile. Msimamizi akasema muda umekwisha, na mimi jasho linanitoka na ile baridi ya Julai. Ilitakiwa A iende pini 2, B pini 14, basi!

MamaKibosho: 010 na 100! Zilitutesa na sisi Moshi.

Kijana_Mbauda: Dikoda ni nyepesi zaidi. Chukua 138, toa Y1, Y2, Y6, Y7, tia kwenye OR.

Fundi_Njiro: Hapana mdogo wangu. Matokeo ya 74LS138 yapo juu yote, lililochaguliwa tu ndilo linashuka. Ukitia manne kwenye OR, taa haizimiki kamwe. Tumia NAND ya ingizo nne, 74LS20.

Kijana_Mbauda: Mwalimu wetu alichora OR.

MamaKibosho: Huyo alichora dikoda isiyogeuza. Swali lisipotaja chipu, OR ni sahihi kabisa.

Sakina_Juu: Dikoda yangu mvua ikinyesha inakata chaneli zote, nibadilishe dishi?

Kaka_Ngaramtoni: Dada, hapa ni mambo ya mtihani, fungua mada yako. Mimi nasema anza na ramani ya Karnaugh, fupisha kwanza.

MamaKibosho: Ufupishe uende wapi? Maltipleksa inataka mintemu zenyewe, ukifupisha utazirudisha tena.

Kaka_Ngaramtoni: Sisi tulipewa alama za kufupisha.

Fundi_Njiro: Soma swali linataka nini. Na mwambieni kila mtahiniwa: pini 1 ya 153 iende ardhini, ikielea au ikiwa juu usitegemee kitu. Kwa 138, pini 4 na 5 chini, pini 6 juu. Isiporuhusiwa, NAND inatoa sifuri muda wote na utadhani taa imeungua.

Kijana_Mbauda: Vigezo vikiwa vinne na kuna 138 mbili?

MamaKibosho: A iende pini 6 ya moja na pini 4 ya nyingine.

Kijana_Mbauda: Ipi inabeba 0 hadi 7?