Mrejesho: Katuni ya muuza zabibu sasa inatembea na sauti

Niliuliza: "Wakuu, nageuza katuni yangu kuwa video yenye sauti za waigizaji. Kila picha nimeipa sekunde nne, ila kuna maneno yanakatika na kwingine kimya kinazidi. Nifanyeje?"

Asanteni sana, hasa aliyeshauri sauti itangulie. Nilirekodi mazungumzo yote kwenye Audacity, nikayapanga Kdenlive, ndipo nikaweka picha juu yake. Sasa kila picha inakaa kadiri ya maneno yake, pamoja na kama nusu sekunde ya kupumua.

Raha yake iko pale stendi ya Nanenane. Konda anafoka, "Mama, pandisha ndoo, tunaondoka!" Picha inayofuata, zabibu zimemwagika chini. Mlio wa ndoo kuanguka nimeuanzisha robo sekunde kabla picha haijabadilika, na mtazamaji anashtuka kabla hajaona. Hapo nimekata moja kwa moja. Kufifisha picha nimekuacha kwa pale tu mchana unapogeuka jioni, maana kukiwa kila mahali hadithi inasinzia.

Viputo vya maneno nimeviondoa, la sivyo mtu anamaliza kusoma kabla mwigizaji hajasema. Kazi kubwa ni kuchora upya kilichokuwa nyuma yake. Kwangu ilikuwa nusu ya basi!

Upepo wetu wa Dodoma na bati vilivuruga rekodi za mwanzo. Dada anayeigiza mama alirudia akiwa amesimama mbele ya kabati wazi lililojaa nguo, madirisha yamefungwa. Mwangwi ukapungua sana.